Kopa kwa Chenye Tarehe, Shirikiana kwa Kisichojulikana

Mfanyabiashara mdogo wa Usangi anayetaka kukuza shughuli yake ana njia mbili za kutafuta fedha. Anaweza kwenda kwa mkopeshaji: kikoba, SACCOS, benki ya Mwanga au Moshi, kampuni ya mikopo, au dirisha la mikopo ya halmashauri. Au anaweza kumtafuta mtu atakayeweka fedha zake ndani ya biashara kwa sharti la kuwa mmiliki mwenza. Huku milimani mtu huyo si mfuko wa uwekezaji wenye ofisi mjini. Mara nyingi ni ndugu, shemeji au rafiki wa shule aliyehamia Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, na ambaye angependa fedha yake ifanye kazi nyumbani. Mazungumzo kuhusu njia hizi mbili karibu kila mara huanza na kuisha kwenye bei: riba ni asilimia ngapi, na mbia anataka sehemu gani. Maoni yangu ni kwamba bei ni swali la pili. Swali la kwanza ni la tarehe. Fedha unayotafuta itarudi lini, na tarehe hiyo unaijua au unaitumaini tu? Kile ambacho tarehe yake ya kurudi inajulikana, kopa. Kile ambacho hakijulikani kitarudi lini wala kwa kiasi gani, shirikiana na mtu, lakini uweke kwenye maandishi namna ushirika huo utakavyokwisha.

Sababu iko kwenye asili ya madai yenyewe. Wapare wanaotumia ndiva kumwagilia wataielewa haraka. Mkopeshaji ni mtu mwenye haki ya kuchota kiasi kilekile kila alfajiri, ndiva iwe imejaa au iwe imebaki tope. Mbia husubiri maji yakusanyike, kisha huchukua fungu lake la yale yaliyopo. Wa kwanza hajali ukame, lakini siku yake ya mwisho ikifika anaondoka. Wa pili anauvumilia ukame pamoja nawe, lakini hata mvua zikirejea bado yupo. Kwa hiyo anayelinganisha asilimia 18 za riba na asilimia 40 za umiliki kana kwamba ni bei mbili za bidhaa moja anapima vitu viwili visivyofanana. Riba ni bei ya muda. Hisa ni bei ya kutokujua.

Usangi ni mahali ambapo tofauti hii ina makali kuliko mjini, kwa sababu fedha ya hapa ina misimu. Kuna vuli na kuna masika, na mvua zikikosea hesabu kila duka linajua. Kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka kuelekea mwishoni, na fedha yake hufika baada ya kupita chama cha msingi, kukobolewa na kuuzwa. Desemba Wapare waliotawanyika nchini hurudi nyumbani, na maduka huuza kuliko mwezi mwingine wowote. Januari ada za shule huzoa kilichobaki. Biashara nyingi za hapa, hata zile zisizogusa kahawa kabisa, hupumua kwa kalenda hiyo. Rejesho la mkopo la kila mwezi halijui kalenda hiyo. Linadai kiasi kilekile Desemba wakati droo imejaa, na kiasi kilekile Machi wakati wateja wote wanakopa.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye vipimo vya kawaida. Mama mmoja anakaanga na kusaga kahawa, anaifunga kwenye pakiti na kuiuza kwa maduka ya Mwanga, Same na Moshi. Amesajili jina la biashara BRELA na ana leseni. Akishajilipa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi, biashara humwachia faida ya shilingi milioni 6 kwa mwaka. Sasa anataka milioni 20: milioni 12 za mtambo mkubwa wa kukaangia pamoja na kinu cha kusagia, na milioni 8 za kununua buni nyingi wakati wa msimu, kwa njia zinazoruhusiwa na Bodi ya Kahawa, badala ya kuokoteza kidogo kidogo mwaka mzima. Anakadiria kwamba mwaka mzuri utampa faida ya milioni 15 kabla ya kumlipa yeyote aliyetoa fedha. Mwaka mbaya, endapo mtambo utaharibika au mnunuzi mkubwa atajitoa, faida inaweza kushuka hadi milioni 3.

Akikopa milioni 20 zote kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, kwa miezi 24, rejesho lake litakuwa kama shilingi 998,000 kila mwezi. Riba yote kwa miaka miwili ni kama milioni 4. Kwa bei tu, hakuna mbia atakayeshindana na hilo. Anayemiliki asilimia 40 ya biashara inayopata milioni 15 anachukua milioni 6 kwa mwaka mmoja, na mwaka unaofuata anachukua tena, na wa tatu vilevile. Baada ya miaka mitano ya neema amepokea milioni 30, na asilimia zake 40 ziko palepale. Ndiyo maana wahasibu hurudia kwamba fedha ya mbia ndiyo ghali kuliko zote pale biashara inapofanikiwa.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Marejesho ya mkopo ni karibu milioni 12 kwa mwaka. Mwaka mzuri wenye milioni 15 unamwachia mama huyu milioni 3 tu, na mwaka mbaya wenye milioni 3 unamwachia pengo la milioni 9. Pengo hilo halitafunikwa na juhudi. Litafunikwa na mkopo mwingine, au na kile alichoweka dhamana. Na haihitajiki hata mwaka mbaya. Inatosha mtambo uchelewe miezi mitatu kufika na kufungwa, ilhali rejesho la kwanza linadaiwa baada ya siku thelathini, na biashara iliyokuwa nzima inakuwa mdaiwa sugu kabla haijakaanga gunia la kwanza. Dalili ya kwanza kwamba mtu amekopea kitu kisichostahili mkopo ni pale anapolipa rejesho la mkopeshaji mmoja kwa fedha ya kikoba, kisha kikoba kwa fedha ya kampuni ya mikopo. Faida haijaisha, ila tarehe zimepishana.

Hapa ndipo bei ya mkopo inapohitaji jicho kali pia, kwa sababu asilimia inayotajwa mdomoni si lazima iwe ndiyo inayolipwa. Asilimia 18 ikipigwa kwenye mkopo wote wa milioni 20 tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujali ulichokwisha kulipa, riba ya miaka miwili inakuwa milioni 7.2 badala ya karibu milioni 4. Kiwango ni kilekile kwa jina, gharama ni karibu mara mbili. Wastani wa riba za benki nchini umekuwa ukizunguka asilimia 15 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, watoa mikopo wasiopokea amana wamewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukomo huo ni kinga dhidi ya mikopo ya kausha damu, lakini wenyewe si nafuu: milioni 20 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi kwenye salio, kwa miezi 24, huzaa riba ya karibu milioni 9.9. Anayekopa aulize mambo mawili tu kabla ya mengine yote: jumla ya shilingi nitakazorudisha ni ngapi, na ya kwanza inadaiwa lini.

Kosa kubwa la mama wa mfano wetu, basi, si kukopa wala kukataa kukopa. Ni kuzitazama milioni 20 kama fedha moja wakati ni fedha mbili zenye tabia tofauti. Milioni 8 za buni zina tarehe. Buni inanunuliwa msimu wa mavuno, inakaangwa na kuuzwa ndani ya miezi minane hivi, na hata soko la pakiti likigoma, magunia yenyewe yana mnunuzi. Hizo ni za kukopa, na zikopwe kwa mkataba unaosema mtaji utalipwa mwishoni mwa msimu. Kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi minane inagharimu shilingi 960,000, na kuuza asilimia 40 ya biashara kwa sababu ya gharama hiyo ni hasara ya wazi. Milioni 12 za mtambo hazina tarehe. Mtambo utafanya kazi miaka kumi ukitunzwa, lakini hakuna ajuaye kama maduka ya Moshi yatazoea pakiti ya Usangi ndani ya mwaka mmoja au minne. Fedha ya namna hiyo ndiyo inayomhitaji mtu atakayekubali kulipwa kadiri soko litakavyokubali.

Kugawa hivyo kunabadilisha pia ukubwa wa fungu analotoa, na hapa ndipo wengi huumia bila kujua. Biashara ya mama huyu ina thamani gani leo? Tuseme wamekubaliana kuipima kwa mara tatu ya faida yake ya mwaka, yaani milioni 18. Mbia akiweka milioni 20 zote, biashara inakuwa ya milioni 38, na fungu lake ni asilimia 53. Akiweka milioni 12 tu, biashara inakuwa ya milioni 30 na fungu lake ni asilimia 40. Tofauti ya milioni 8 imeamua nani ana sauti ya mwisho. Katika kampuni, mwenye zaidi ya nusu ya kura anaweza kumwondoa mkurugenzi, na mwenye zaidi ya robo anaweza kuzuia maamuzi yanayohitaji robo tatu ya kura, kama kubadili katiba ya kampuni. Mwanzilishi mwenye asilimia 60 bado anaongoza, ila hawezi kufanya kila kitu peke yake. Mwenye asilimia 47 ni mfanyakazi katika jengo alilolijenga.

Na mara nyingi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kipimo kinachotumika ni thamani ya vyombo tu. Mbia anatazama jiko la zamani na mizani, anasema vina thamani ya milioni 8, anaweka milioni 12 zake juu yake, kisha anadai asilimia 60. Anachosahau kuhesabu ni wateja waliopatikana kwa miaka, jina lililo kwenye pakiti, na ujuzi wa kujua kahawa imeiva wakati gani. Vitu hivyo ndivyo vinavyoleta milioni 6 kila mwaka, na bila hivyo mtambo mpya ni chuma. Anayeuza sehemu ya biashara auze sehemu ya mapato yanayotarajiwa. Thamani ya vyombo ni ya kumwonyesha mnunuzi wa vyombo.

Jambo jingine linalotangulia kugawana faida ni kukubaliana faida ni nini. Biashara nyingi ndogo hazimlipi mwenyewe mshahara. Anachukua kidogo hapa na pale, na kinachobaki anakiita faida. Hilo halidhuru akiwa peke yake. Siku mbia anapoingia, mwenye biashara asiye na mshahara anaanza kumfanyia mwenzake kazi bure kwa asilimia 40 ya jasho lake. Shilingi 400,000 za mwezi katika mfano wetu ni milioni 4.8 kwa mwaka. Zisipotolewa kwanza, karibu milioni 1.9 kati yake zinakwenda kwa mtu aliyeko mjini kila mwaka, na hakuna aliyeiba. Kwa upande wake, mbia naye ana haki ya kujua kwamba pakiti zinazopelekwa msibani na harusini zimeandikwa, na kwamba buni ya biashara haichanganyiki na buni ya nyumbani. Upare una kumbukumbu yake kuhusu hatari ya kutoza fungu la kipato ambacho hakuna anayekubaliana namna ya kukipima. Mwaka 1945 maelfu ya watu walikusanyika Same kuipinga mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kila mtu kulingana na alichodhaniwa kuwa nacho. Wanawake nao waliingia kwenye mapambano hayo, na hatimaye serikali ya kikoloni ikaiacha. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekichunguza kisa hicho, anaonyesha jinsi makadirio yenyewe yalivyokuwa kiini cha malalamiko. Mkopeshaji hahitaji kujua kipato chako ili ajue anachokudai. Mbia hawezi kuishi bila kukijua, na daftari lisiloaminika humfanya adui hata kama alikuja akiwa ndugu.

Inayofuata ni sheria, ambayo huku milimani hupuuzwa kuliko yote. Jina la biashara lililosajiliwa na mtu mmoja halina hisa za kuuza. Ndugu anapotuma milioni 12 na kuambiwa "hii ni yetu sote, wewe una asilimia 40", kisheria hajapata hisa yoyote. Kama wawili hao kweli wanaendesha biashara pamoja kwa kugawana faida, wanaweza kuhesabiwa kuwa washirika chini ya Sheria ya Mikataba, na hapo mambo mawili hufuata ambayo hakuna aliyeyakusudia. Bila makubaliano mengine, washirika hugawana sawa kwa sawa faida na hasara, na kila mmoja anabeba madeni ya biashara kwa mali yake mwenyewe. Mmoja wao akifariki, ushirika wenyewe huvunjika isipokuwa walikubaliana vinginevyo, na mwenye mtambo anajikuta akizungumza na warithi ambao hawajawahi kufika Usangi. Hisa za kweli zinahitaji kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ambayo madeni yake ni yake na hisa zake hurithiwa bila biashara kufa.

Kampuni nayo ina gharama zake, na gharama hizo zinaingia kwenye hesabu ya kuchagua. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kulipa kodi ya makadirio inayotokana na mauzo. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida hata kama ni ndogo, inapeleka taarifa BRELA kila mwaka, na inamlipa mhasibu aliyesajiliwa athibitishe mahesabu. Riba ya mkopo huondolewa kabla ya kodi ya kampuni kupigwa, lakini gawio la wanahisa haliondolewi, na linapolipwa hukatwa asilimia 10 nyingine. Kwa mwaka mzuri wa mfano wetu, baada ya riba ya mkopo wa msimu inabaki faida ya karibu milioni 14. Kodi inachukua milioni 4.2, inabaki milioni 9.8. Fungu la mbia ni milioni 3.9, na baada ya makato anapokea milioni 3.5 hivi. Kwa anayelipa kodi ya makadirio, riba haimpunguzii kodi hata senti, kwa kuwa kodi yake haitazami faida. Somo la hesabu hizi ni kwamba kugeuza biashara kuwa kampuni kwa ajili ya mbia mmoja mwenye milioni chache kunaweza kumeza faida ya ubia wenyewe.

Kwa hiyo kwa biashara za ukubwa huu napendekeza njia iliyo katikati, ambayo haihitaji kuuza hisa kabisa. Ndugu wa mjini atoe milioni 12 kwa mkataba wa maandishi unaosema wazi kwamba ni mkopo unaolipwa kwa sehemu ya faida, si ushirika wa umiliki. Kila mwaka atapokea asilimia 40 ya faida, baada ya mshahara wa mwenye biashara kutolewa, mpaka jumla ifike milioni 18, kisha mkataba umekwisha. Miaka ikiwa mizuri, atapokea milioni 5.6 kwa mwaka na kumaliza katika mwaka wa nne. Mwaka mbaya ukitokea, faida ya milioni 2 iliyobaki baada ya riba ya msimu itampa 800,000 tu, na hakuna atakayeuza shamba kwa sababu hiyo. Mtoa fedha amepata nusu zaidi ya alichotoa, kwa malipo ya kuvumilia kutokujua. Mwenye biashara amelipa zaidi kuliko mkopeshaji wa SACCOS angemdai, lakini amelipa kwa wakati ambao fedha ipo, na baada ya hapo biashara ni yake yote.

Waislamu wengi wa Usangi watauliza, kwa haki, kama nyongeza hiyo ya milioni 6 juu ya mkopo si riba kwa jina jingine. Kwao kuna umbo lililokomaa zaidi, ambalo benki zinazofuata sharia, kama Amana iliyoanza mwaka 2011, zinalifahamu: musharaka ya kupungua. Mbia anamiliki fungu la mtambo, anapata sehemu yake ya faida na kubeba sehemu yake ya hasara, na mwenye biashara hulinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka liishe. Buni ya msimu nayo inaweza kupatikana kwa murabaha, ambapo mfadhili hununua bidhaa na kumuuzia mfanyabiashara kwa bei ya juu inayojulikana na kulipwa kwa tarehe iliyowekwa. Ukitazama kwa makini, mgawanyo ni uleule ninaoutetea: chenye tarehe kinapewa deni, kisicho na tarehe kinapewa ushirika, na ushirika una mlango wa kutokea.

Pingamizi la kwanza nililolisikia mara nyingi kwenye mijadala ya namna hii ni kwamba mkopo unahatarisha shamba la ukoo na nyumba, wakati mbia hachukui dhamana. Ni kweli, na ndiyo sababu sishauri kukopea mtambo. Lakini mkopo wa msimu unaolipwa na bidhaa zilezile ulizonunua unaweza kusimama kwa dhamana ndogo: akiba ya SACCOS, wadhamini, au bidhaa zenyewe. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina nafasi ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Na pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, sheria inataka mwenzi wa ndoa aridhie. Ridhaa hiyo isichukuliwe kama saini ya kupita. Mwenzi anayeuliza "tutalipa kwa fedha ya mwezi gani?" anafanya uchambuzi ambao afisa mikopo alipaswa kuufanya.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mbia haleti fedha tu, analeta soko, ujuzi na mtandao. Yako mazingira ambapo hilo ni kweli kabisa, na mfano uko upande wa pili wa safu hii ya milima. Kiwanda cha tangawizi cha Mamba Myamba, wilayani Same, kilianza kama mradi wa ushirika wa wakulima, na baadaye mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF ukaingia kama mbia. Mitambo ya kiwanda ni fedha kubwa, inarudi taratibu, na wakulima wa tangawizi wasingeweza kubeba marejesho ya kila mwezi huku kiwanda kikitafuta soko. Mbia mwenye subira na mfuko mrefu ndiye anayefaa hapo. Lakini ushirika ule ulikuwa na chombo cha kisheria, na mbia wake ana wanasheria na wakaguzi. Kwa mkaangaji kahawa wa Usangi, ndugu anayeahidi kufungua soko Kariakoo anaweza kulipwa kamisheni kwa kila pakiti atakayoiuza. Akiuza nyingi atapata nyingi. Asipouza hata moja, hatakuwa amejipatia asilimia 40 za milele kwa ahadi.

Pingamizi la tatu ni la moyoni: kuandikiana na ndugu ni kumtukana. Nadhani ni kinyume. Fedha ya ndugu isiyo na maandishi haibaki kuwa zawadi wala haiwi uwekezaji. Inakuwa dai lisilo na kiasi, linaloweza kukumbushwa wakati wa ada, ugonjwa au ujenzi, na kila anayekumbushwa anakumbuka kiasi tofauti. Dalili zake zinajulikana: mtoa fedha anaanza kuchukua bidhaa bila kulipa kwa kuwa "na langu limo", na mwenye biashara anaanza kuficha mauzo mazuri. Karatasi tatu zilizosomwa mbele ya wakili na mashahidi wa familia, zikitaja kiasi, mshahara, namna ya kuhesabu faida, tarehe ya kuitana kuangalia daftari na siku ya mwisho, zinamlinda zaidi aliyeko mbali kuliko aliyeko hapa. Yeye ndiye asiyeona jiko likiwashwa.

Iko hoja moja iliyobaki, na hiyo haiwahusu wafanyabiashara pekee. Kama watu wa Usangi wanakimbilia ubia usio na maandishi, ni kwa sababu mkopo wanaopewa umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. SACCOS za milimani, na benki zinazofuata fedha za kahawa, zina kumbukumbu za miaka mingi za lini fedha huingia vijijini. Hakuna kinachozizuia kuandika mkopo ambao unalipwa riba tu kuanzia Februari hadi mavuno, na mtaji kati ya Oktoba na Januari. Mkopeshaji hapotezi kitu kwa kubadili tarehe, kwa kuwa riba ya miezi ya kusubiri analipwa. Mkopo wa namna hiyo ukipatikana, mfanyabiashara mdogo ataacha kuuza nusu ya biashara yake ili tu apate nafasi ya kupumua hadi msimu, na mbia ataitwa kwa kazi inayomstahili: kubeba pamoja jambo ambalo kwa kweli hakuna anayejua litaishaje.